Gauni Halibani, Limeshuka

Zipu imefungwa hadi juu bila shida, lakini gauni linagoma kutulia kiunoni. Ukilivuta chini, hatua tano tu limeshapanda tena, na mgongoni, juu kidogo ya makalio, kitambaa kimejikusanya na kuweka mkunjo mnene wa kulala. Muuzaji anakutazama na kutoa hukumu ileile inayotolewa Karume, Gikomba na hata kwenye maduka yenye viyoyozi: "Dada, hilo linakubana, chukua moja juu." Unachukua moja juu. Sasa nyonga zimepata nafasi, ila bega limeteleza kuelekea mkononi, shingo imeachama, na ule mkunjo wa mgongoni bado upo. Wengi huondoka hapo wakiamini kwamba miili yao ndiyo yenye kasoro.

Mara nyingi lile gauni la kwanza halikuwa limebana. Lilikuwa limeshuka. Kila nguo iliyokatwa kufuata umbo ina mahali pake pembamba, nako ni kiunoni. Nguo ikiwa ndefu kuliko kiwiliwili cha aliyeivaa, sehemu ile nyembamba haikai juu ya kiuno chake bali chini yake, pale nyonga zinapoanza kutanuka. Nguo inakutana na mwili mpana kuliko ilivyotarajia, inasukumwa juu, na kitambaa kilichozidi urefu kinakosa pa kwenda isipokuwa kujikunja mgongoni. Hisia anayoipata mvaaji ni ya kubanwa, lakini chanzo chake ni urefu. Ndiyo maana kuongeza upana hakuponyi.

Ili kuona kwa nini hakuponyi, ni vizuri kujua saizi zinavyotengenezwa kiwandani. Mbunifu hukata ramani ya saizi moja ya kati, kisha ramani hiyo hupanuliwa na kupunguzwa ili kupata saizi nyingine. Kutoka saizi moja hadi inayofuata, mzunguko wa kifua, kiuno na nyonga huongezeka kwa sentimita 4 hadi 6 hivi. Urefu wa kutoka shingoni hadi kiunoni huongezeka kwa nusu sentimita tu, pengine pungufu. Maana yake ni kwamba saizi 10 na saizi 18 za kiwanda kimoja zimekusudiwa watu wanaokaribiana sana kwa kimo, mmoja mwembamba na mwingine mnene. Kwa Uingereza mtu huyo wa kufikirika huwa na urefu wa kama sentimita 165. Ukipanda saizi ukitafuta nafasi, hupati nguo ya mtu wa kimo chako. Unapata nguo ya mtu mnene zaidi wa kimo kilekile, na kiuno chake kimeshuka nusu sentimita nyingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye urefu wa sentimita 154, kifua 100, kiuno 84 na nyonga 108. Kwa vipimo vya upana, jedwali la Uingereza litamwambia avae saizi 16, na jedwali halikosei. Sasa tuongeze kipimo ambacho jedwali halikumuuliza: kutoka kwenye mfupa wa shingo nyuma hadi kiunoni ana sentimita 39. Gauni la kawaida la saizi 16 limekatwa kwa sentimita 42. Kiuno cha gauni kitakaa sentimita 3 chini ya kiuno chake. Gauni lile lina mzunguko wa sentimita 88 kiunoni, yaani 84 za mwili na 4 za kupumulia. Lakini sentimita 3 chini ya kiuno, mwili wa mwalimu umeshatanuka na kufika kama 89. Nafasi ya kupumulia imekwisha, na gauni linaanza safari yake ya kupanda.

Akienda saizi 18, gauni litakuwa na kama sentimita 93 pale kiunoni, kwa hiyo litapita bila kugoma. Lakini kifua kimeongezeka sentimita 5 asizozihitaji, bega limerefuka, shingo imepanuka na tundu la mkono limeshuka chini zaidi ya kwapa. Hili la kwapa halizungumzwi sana, nami naliona ndilo linalosumbua zaidi katika maisha ya kila siku. Tundu la mkono likiwa chini mno, mkono ukiinuliwa unainua nguo nzima. Mwalimu wetu akiandika juu ya ubao, pindo linapanda juu ya magoti, na kila baada ya mstari mmoja anajivuta. Tena ile mishono midogo ya pembeni inayokipa kifua umbo itakuwa inaelekeza ncha zake chini ya matiti badala ya kwenye matiti, na nguo itaonekana imelegea hata ikiwa mpya kabisa.

Nguo inayomfaa ni saizi 16 ileile, iliyofupishwa mahali panapostahili: kidogo kati ya bega na kifua, kidogo kati ya kifua na kiuno, kidogo kati ya kiuno na nyonga, kisha kwenye mkono na pindo. Hiyo ndiyo kazi ya nguo zinazoitwa petiti. Upana haujaguswa. Sentimita 11 hivi zinazomtenganisha mwalimu na yule mtu wa kufikirika hazikai sehemu moja ya mwili: kama 5 ziko miguuni, kama 3 kwenye kiwiliwili, na zilizobaki shingoni na kichwani. Fundi anayekata sentimita 11 zote kutoka kwenye pindo anarekebisha miguu tu, na kiuno anakiacha palepale kilipokosea.

Hapa kuna dhana moja inayowanyima watu wengi nguo nzuri. Petiti hudhaniwa kuwa nguo za wasichana wembamba, vijiumbo vidogo. Sivyo. Petiti ni kimo. Nchini Uingereza maduka mengi huiweka kwa wanawake wa sentimita 160 kushuka chini, na Marekani kwa wa sentimita 163 kushuka chini, na zipo petiti za saizi 18, 20 na kuendelea. Kwa upande mwingine, nguo za warefu kwa kawaida huanzia sentimita 175 hivi. Watafiti wa afya wanakadiria kwamba mwanamke wa Tanzania ana wastani wa sentimita 156 au 157, wa Kenya 158 hivi, na wa Uingereza 164. Weka takwimu hizo kando ya mpaka wa sentimita 160 na jambo linakuwa wazi: zaidi ya nusu ya wanawake wetu, wembamba kwa wanene, ni watu wa petiti kwa kanuni ya maduka yanayotuletea nguo. Ile inayoitwa saizi ya kawaida si ya kawaida kwao.

Kosa hili la kuuliza upana na kusahau kimo lina historia. Mwaka 1939 na 1940, Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo chini yake kulikuwa na ofisi ya uchumi wa nyumbani, iliwapima wanawake karibu 15,000. Kila mmoja alipimwa vipimo 59. Walioongoza kazi hiyo, Ruth O'Brien na William Shelton, walichapisha matokeo mwaka 1941. Ulikuwa utafiti mkubwa lakini wenye ila kubwa pia, maana ni vipimo vya wanawake wa Kizungu tu vilivyotumika. Hata hivyo waligundua jambo ambalo bado ni kweli: kipimo kimoja cha upana hakitoshi kubashiri mwili mzima, na kwamba urefu na uzito vikichukuliwa pamoja hubashiri vizuri zaidi. Tatizo likawa la kibiashara. Madukani hakukuwa na mizani, na wauzaji waliogopa kuwauliza wateja uzito wao. Kifua kilikuwa rahisi kupima, kikashika usukani.

Serikali ya Marekani ilijaribu kurudisha kimo mwaka 1958 ilipotoa kanuni ya saizi za wanawake iliyoitwa CS 215-58. Kwa kanuni hiyo nambari ilieleza kifua, herufi ikaeleza kimo, yaani T kwa warefu, R kwa wa kati na S kwa wafupi, na alama ya kujumlisha au ya kutoa ikaeleza kama nyonga ni pana au nyembamba. Kwa maoni yangu ulikuwa mpango wa busara kuliko mingi iliyofuata. Lakini duka lililotaka kuufuata lilipaswa kuweka aina nyingi za kila gauni, na viwanda vilikuwa vimeshaanza kuzitumia nambari vilivyopenda ili kuwafurahisha wateja. Mwaka 1983 kanuni hiyo ilifutwa.

Kabla ya hapo, mbunifu wa New York aitwaye Hannah Troy alikuwa ameshaliona tatizo kwa macho ya mshonaji. Katika miaka ya 1940 aliangalia vipimo vya wanawake waliojitolea jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuona kwamba wengi wao walikuwa na kiwiliwili kifupi kuliko nguo zilizokuwa zikishonwa. Akaanza kushona kwa ajili yao. Yeye ndiye anayetajwa sana kwamba alizifanya petiti kuwa biashara.

Kwa mtu aliyesimama mbele ya kioo au mbele ya meza ya mtumba, vinahitajika vipimo vitatu tu vya urefu, na vyote hupatikana nyumbani kwa futi kamba na uzi. Funga uzi tumboni, ujipinde kushoto na kulia mara kadhaa. Utateleza na kutulia mahali pamoja, napo ndipo kiuno chako halisi, hata kama ulizoea kufunga mkanda chini zaidi. Usiufungue. Inamisha kichwa, utausikia mfupa uliochomoza nyuma ya shingo. Mtu mwingine akupimie kutoka hapo hadi kwenye uzi, na hicho ndicho kipimo cha kwanza. Cha pili, kaa wima kwenye stuli ngumu na upime ubavuni kutoka kwenye uzi hadi kwenye stuli. Huo ndio urefu ambao suruali inauhitaji kati ya kiuno na makutano ya miguu. Cha tatu ni mguu kwa ndani, kutoka kwenye makutano ya miguu hadi kwenye fundo la mguu.

Vipimo hivi vitatu ni bora kuliko kujua kimo chako kwa jumla, kwa sababu watu wawili wa sentimita 160 wanaweza kutofautiana kabisa. Mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, mwingine kinyume chake. Wa kwanza atavaa blauzi ya kawaida na suruali ya petiti, wa pili atafanya kinyume, na wote wawili watakuwa wamechagua sawasawa. Mtu anaweza hata kuwa na sentimita 170 na bado kiuno chake kikawa juu kama cha mfupi. Ukipima shingo hadi kiuno ukapata chini ya sentimita 40, jaribu petiti hata kama jedwali la kimo linakukataa. Ukipata 44 au zaidi, tafuta nguo za warefu.

Suruali ndiyo nguo inayodhaniwa kuwa na tiba rahisi, kwa sababu kila mtu anajua fundi wa kupunguza pindo. Mwalimu wetu ana mguu wa ndani wa sentimita 70. Suruali ya kawaida ina 78 au 79. Anakata sentimita 8 kule chini na kuona kazi imekwisha. Lakini suruali nyingi hukatwa nyembamba zaidi kwenye goti kuliko kwenye paja, na goti la suruali hiyo sasa liko sentimita kama 4 chini ya goti lake. Akikunja mguu, kitambaa kinakaza mahali pasipo na kiungo na kulegea palipo na kiungo. Kama suruali ilikuwa ya kupanuka chini, sehemu iliyokatwa ndiyo ile ile iliyokuwa na upana, na mtindo umebaki sakafuni kwa fundi. Kama ilikuwa ya kubana chini, mdomo mwembamba umeondoka na kuacha tundu pana kuliko fundo la mguu.

Na juu hakujaguswa kabisa. Kama suruali ni ndefu sentimita 2 kati ya kiuno na makutano ya miguu, makutano hayo yataning'inia, mapaja yatasuguana na mshono, na mwenye suruali atajikuta akiivuta hadi chini ya mbavu. Kufupisha pale ni kazi nyingine kabisa: fundi anafumua mkanda wa kiuno, anakata sehemu ya juu, na kukutana na zipu na mifuko njiani. Inawezekana, lakini gharama yake mara nyingi inapita bei ya suruali ya mtumba. Ndiyo sababu nasema, ukiwa na uchaguzi, tafuta suruali inayokaa vizuri kwenye makutano ya miguu kwanza, ndipo uhangaike na pindo.

Hapa ndipo lebo inapokuwa na thamani, na wanunuzi wengi wa mtumba huipita bila kuisoma. Herufi P ikifuata nambari, kama 16P ya Uingereza au 12P ya Marekani, nguo imefupishwa mwili mzima. Herufi S ikifuata nambari kwenye suruali kwa kawaida inaeleza mguu mfupi tu, na sehemu ya juu ni ya mtu wa kawaida. R ni ya kati, na L au T ni ndefu. Ukikuta S au L peke yake bila nambari, hiyo ni habari ya udogo na ukubwa, wala haihusu kimo. Kuna mtego mmoja zaidi: nguo zilizouzwa Kanada huandikwa S/P. Huo ni udogo ulioandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa kwa pamoja, na P hiyo si ya kimo. Petiti ya Marekani iliyopimwa kwa herufi huandikwa PS, PM au PL, herufi ya kimo ikitangulia.

Wajerumani wana utaratibu wao, nao unaweza kumfanya muuzaji atupe nguo nzuri kwenye fungu la wasichana. Saizi yao ya kawaida ya mwanamke ikigawanywa kwa mbili inakuwa ya wafupi, na ikizidishwa kwa mbili inakuwa ya warefu. Mwalimu wetu wa saizi 16 ya Uingereza ni saizi 42 ya Ujerumani. Gauni la Kijerumani lenye nambari 21 limeshonwa kwa upana wake yeye, kwa mtu mfupi. Lenye nambari 84 lina upana uleule kwa mtu mrefu. Muuzaji anayeona 21 na kudhani ni kijigauni kidogo, aambiwe alifungue na kulipima. Kwa wanaume hesabu ya wafupi ni hiyohiyo, saizi 50 ikawa 25, na koti la mwanamume mrefu na mwembamba wa upana huohuo huandikwa 98.

Wanaume, kwa jambo hili, wamehudumiwa vizuri zaidi siku zote. Koti la suti la Kiingereza au la Kimarekani lenye lebo ya 40S, 40R au 40L lina kifua kilekile cha inchi 40, kwa mtu wa hadi kama sentimita 170, wa kati, na wa kuanzia 183 hivi. Hakuna anayeshangaa. Kifungo cha kati kinakaa mahali pake, mfuko unafikiwa na mkono, na fundi anabaki na kazi ndogo ya mikono. Mwanamke anayetafuta koti la ofisini angestahili uchaguzi huohuo kwenye kila duka.

Warefu wana shida iliyogeuka, na kwangu ni ngumu zaidi, kwa sababu fundi anaweza kuondoa kitambaa lakini hawezi kukiumba. Kwa mwanamke wa sentimita 178, kiuno cha gauni la kawaida kinapanda na kukaa juu ya mbavu za chini, ambazo ni pana kuliko kiuno. Analalamika kubanwa tumboni, anapewa saizi ya juu, anapata hema lenye kiuno ambacho bado kiko kwenye mbavu. Mikono inaishia juu ya kifundo. Blauzi inachomoka ndani ya sketi kila anapoketi. Kabla ya kununua, akunje pindo na mikono aone kitambaa kilichoachwa ndani. Nguo nyingi za zamani za Ulaya zina sentimita 4 au 5 za kuachia, za siku hizi huwa na 1 au 2. Kwenye kitambaa chenye rangi kali aangalie pia alama ya mkunjo wa awali, maana ikishapauka haiondoki kwa pasi, na pindo lililoachiwa litaonekana na mstari wake daima.

Nguo inayowafichua warefu kuliko zote ni jumpsuti. Gauni likiwa fupi kiunoni linaweza kupanda, blauzi inaweza kuchomoka, lakini jumpsuti imeshikwa juu begani na chini kati ya miguu, haina pa kukimbilia. Ipime kwa kuinama na kuketi, wala usiridhike na kusimama mbele ya kioo. Ikivuta begani unapoketi, irudishe, hata kama upana una nafasi ya kutosha watu wawili. Saizi ya juu itakuongezea sentimita moja mahali unapohitaji tano. Kwa sababu kama hizi, mwaka 1976 lilifunguliwa London duka la Long Tall Sally lililouza nguo za wanawake warefu peke yake, na leo maduka mengi ya mtandaoni yana kitengo kinachoandikwa Petite na kingine Tall. Unaponunua huko soma kimo cha mwanamitindo aliyepigwa picha, ambacho mara nyingi huandikwa chini yake. Gauni linalomfika magotini mtu wa sentimita 178 litamfika mwalimu wetu katikati ya muundi.

Ukanda wa pwani una nguo zinazopangwa kinyume chake kabisa. Baibui zinazotoka Dubai na Omani, na kanzu zinazovaliwa Unguja hadi Lamu, huuzwa kwa nambari kama 52, 54, 56, 58 na 60, nazo ni inchi za urefu kutoka begani hadi pindoni. Muuzaji hukutazama kimo kwanza. Mwalimu wetu angepewa 52, na pindo lingekaa vizuri siku hiyohiyo. Kwa baibui pana ya kizamani upana haukuwa na shida, kwa sababu kitambaa kilitosha kila mtu. Shida imeingia na baibui za siku hizi zilizochongwa kiunoni na kubana mikononi. Mwenye kimo kifupi na mwili mpana anakuta 52 inamkaza nyonga na mikono, anachukua 56 apate nafasi, kisha anakata inchi 4 chini. Tarizi ya pindoni inaondoka na mkasi, na kile kiuno kilichochongwa kinamshukia kwenye nyonga. Ni ugonjwa uleule, umeingilia mlango mwingine.

Kwa baibui ya namna hiyo ni afadhali kushonesha. Fundi akiuliza urefu, kifua na nyonga, usiishie hapo. Mpe pia urefu kutoka begani hadi kwenye matiti, na kutoka begani hadi kwenye ule uzi wa kiunoni, ukiwa umesimama wima na viatu utakavyovivalia. Mwambie tarizi ianze kupimwa kutoka kwenye pindo kwenda juu, na kiuno kipimwe kutoka begani kwenda chini, ili ikibidi kupunguza, kitambaa kiondolewe kwenye eneo tupu lililo katikati, juu ya magoti. Na kama kitambaa ni cha kitenge au pamba ambayo haijawahi kufuliwa, kiloweke na kukianika kabla ya kukata. Pamba hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na gauni lililokaa kiunoni siku ya kwanza linaweza kukutwa kwenye mbavu baada ya kufuliwa mara mbili.